Uzi: Volti 6.8 na volti 9.1 zinawezaje kutoka kwenye volti 12? Fezori na impedansi ya koili na kapasita

Mwanagenzi_Ubungo

Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa kwanza wa ufundi umeme hapa Dar es Salaam, na kuna jambo la karakana ambalo nimelitafakari bila kupata jibu linaloniridhisha. Tulipewa transfoma inayotoa volti 12 za mkondo geu kwa frikwensi ya hezi 50, rezista ya ohmu 30, na koili yenye kiini cha chuma iliyoandikwa milihenri 127. Tuliunganisha rezista na koili kwa mfuatano, kisha tukapima kwa multimita. Kwenye rezista nilisoma volti 6.8, kwenye koili volti 9.1, na kwenye transfoma yenyewe volti 12.0 kamili.

Nikijumlisha 6.8 na 9.1 ninapata 15.9, ilhali chanzo kinatoa 12 tu. Sheria ya Kirchhoff inasema jumla ya volteji katika mzunguko lazima ilingane na chanzo, na kwenye betri nimeithibitisha mara nyingi. Mwalimu wetu alisema jibu liko kwenye fezori na herufi j, akaandika jωL na 1/jωC ubaoni, na kipindi kikaisha. Ninaweza kuzikariri fomula hizo, lakini sielewi zimetoka wapi wala zinahusianaje na namba nilizosoma kwenye mita. Naomba anayefahamu anieleweshe kwa kutumia namba hizi hizi zangu.

Kaka_Mabibo

Ndugu, sheria ya Kirchhoff haijavunjwa. Volteji ya rezista na volteji ya koili hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, kwa kuwa ya koili hutangulia kwa nyuzi 90. Vitu viwili vilivyoachana kwa nyuzi 90 hujumlishwa kwa Pithagorasi na si kwa kujumlisha kwa kawaida. Chukua mraba wa 6.8, ujumlishe na mraba wa 9.1, utapata 129.05, na kipeo chake cha pili ni 11.36. Hiyo ndiyo volti 12 yako, na tofauti iliyobaki ni makosa ya mita za karakana, ambazo sote tunazifahamu zilivyo.

Kwa ushauri wangu, achana na j kwa sasa. Pithagorasi inatosha kwa maswali yote ya mtihani wa mwaka wa kwanza.

Fundi_Tandika

Mdogo wangu, mimi ninavyoona koili yako inatiliwa shaka, na kabla ya hesabu zote hizo ungeipima kwanza ohmu. Mimi hutengeneza feni na mota, na koili yoyote inayoingia kwangu huanza kuipima ohmu nikiwa nimezima umeme. Ikisoma ohmu 4 au 5 basi ni nzima, na hesabu yake ni nyepesi: ohmu 30 za rezista na ohmu 5 za koili ni ohmu 35, na volti 12 ukigawanya kwa 35 unapata ampia 0.34. Kama mkondo wako haufiki hapo, kuna muunganiko uliolegea.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo nami limenisumbua miaka mingi na ningependa mlijibu humu humu. Kapasita ya feni ya mikrofaradi 2.5 nikiipima ohmu, mita hupanda na kuishia kuonyesha kuwa hakuna njia kabisa. Lakini nikiirudisha kwenye feni, umeme unapita na feni inazunguka. Inakuwaje kitu kisicho na njia kipitishe umeme?

Mwl_Kigamboni

Nimesoma wote watatu, na kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Nitaanza na chanzo cha j, kisha nitakuja kwenye namba za mwanafunzi, kwa sababu zile volti 11.36 za Kaka_Mabibo zinaeleza jambo kubwa kuliko makosa ya mita.

Kila kitu kinaanzia kwenye tabia moja ya koili: volteji yake haitegemei mkondo ni mkubwa kiasi gani, bali unabadilika kwa kasi gani. Kwa hesabu, volteji ni L mara kasi ya mabadiliko ya mkondo. Sasa tuseme mkondo ni wimbi la kosini, yaani I cos(ωt), ambapo ω ni 2π mara frikwensi. Ukitafuta kasi yake ya mabadiliko unapata −ωI sin(ωt), na hilo ni sawasawa na ωI cos(ωt + 90°). Tazama kilichotokea hapo: wimbi limebaki na umbo lile lile na frikwensi ile ile, ila ukubwa wake umezidishwa kwa ω, na limesogea mbele kwa nyuzi 90. Hakuna kingine kilichobadilika.

Kwa kuwa frikwensi ni moja katika mzunguko mzima, hakuna haja ya kuiandika kila mahali. Inatosha kubeba vitu viwili, yaani ukubwa wa wimbi na pembe yake, na namba changamano hubeba vyote viwili kwa pamoja. Namba hiyo ndiyo fezori. Namba j, ukizidisha nayo, husogeza pembe mbele kwa nyuzi 90 bila kugusa ukubwa. Kwa hiyo ile kazi yote ya kutafuta kasi ya mabadiliko inakuwa kuzidisha kwa jω, na volteji ya koili inakuwa jωL mara mkondo. Charles Steinmetz alipowasilisha njia hii mwaka 1893 katika kongamano la umeme huko Chicago, wahandisi walipata namna ya kutatua saketi za mkondo geu kwa aljebra badala ya milinganyo ya mabadiliko.

Kapasita hufuata njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Mkondo wake ni C mara kasi ya mabadiliko ya volteji, kwa hiyo mkondo ni jωC mara volteji. Ukigeuza ili upate volteji kugawanya kwa mkondo, unapata 1/(jωC), ambayo ni sawa na −j/(ωC). Impedansi ni uwiano huo tu wa volteji kwa mkondo, pembe zao zikiwa ndani yake.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la Fundi. Mita ya ohmu hupima kwa betri, na betri haina mtikisiko, kwa hiyo ω yake ni sifuri. Weka sifuri kwenye ωL, impedansi ya koili inatoweka na unabaki na ukinzani wa waya peke yake, zile ohmu 4 au 5. Weka sifuri kwenye 1/(ωC), unapata kitu kisicho na kikomo, na ndiyo maana mita inasema hakuna njia. Kwa hezi 50, ω ni 2π mara 50, yaani takriban 314, na kapasita ya mikrofaradi 2.5 inakuwa na ohmu 1,273. Mita yako haikosei, ila inajibu swali la betri ilhali feni inaishi kwenye hezi 50. Kwa sababu hiyo hiyo, ampia 0.34 ulizopata si mkondo wa saketi hii, kwa kuwa umeiacha kando ωL, ambayo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Sasa tuje kwenye namba zako, mwanafunzi. ωL ni 314 mara 0.127, takriban ohmu 40. Kama koili ingekuwa safi, isiyo na ukinzani wowote, impedansi nzima ingekuwa 30 + j40, ukubwa wake 50, na mkondo ungekuwa ampia 0.24. Ungesoma volti 7.2 kwenye rezista na volti 9.6 kwenye koili, na Pithagorasi ingekupa 12 kamili. Wewe umesoma 6.8 na 9.1, zote mbili zikiwa chini. Mita mbovu ingeweza kukosea hivyo, lakini mita hiyo hiyo imesoma 12.0 kwenye chanzo. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba koili yako ina ukinzani wa waya, kwa hiyo volteji yake haitangulii mkondo kwa nyuzi 90 kamili, na pembetatu yako si ya pembemraba.

Jaribu kuipa koili ohmu 5, kisha ufuate hatua. Chanzo ukipe pembe ya sifuri, kwa sababu ni lazima wimbi mojawapo liwe kipimo cha mengine.

```
Z      = 30 + 5 + j40 = 35 + j40 = 53.2 ∠ 48.8°
I      = 12 ∠ 0° / Z  = 0.226 ∠ -48.8°
V_rez  = 30 × I       = 6.77 ∠ -48.8°
V_koili= (5 + j40) × I = 40.3 ∠ 82.9° × I = 9.10 ∠ 34.1°
```

Ukubwa ni 6.77 na 9.10, karibu sawa kabisa na ulichosoma. Halafu thibitisha Kirchhoff kwa kujumlisha fezori zenyewe, sehemu halisi kwa sehemu halisi na sehemu ya j kwa sehemu ya j:

```
V_rez   = 4.46 - j5.09
V_koili = 7.54 + j5.10
jumla   = 12.00 + j0.01
```

Ile 0.01 ni makosa ya kukadiria desimali. Sheria inatimia kikamilifu, ila inatimia kwa fezori, wala si kwa ukubwa uliosomwa kwenye mita, kwa kuwa mita huona ukubwa tu na haioni pembe. Pithagorasi ni hali moja tu ya hesabu hii, pale pembe kati ya volteji mbili inapokuwa nyuzi 90. Hapa pembe ni karibu 83, na ndiyo sababu ya 11.36.

Tafadhali zima umeme, uchomoe koili kwenye saketi, kisha uipime ohmu kama Fundi alivyosema. Ushauri wake ni mzuri, ingawa ameutoa kwa sababu nyingine.

Mwanagenzi_Ubungo

Mwalimu, nakushukuru sana. Nimepima koili ikiwa imechomolewa, na inasoma ohmu 4.2. Haikuwa 5, lakini pia si sifuri kama nilivyodhani.

Nina maswali mawili. La kwanza, mkondo kuwa na pembe ya −48.8 ina maana kwamba nikiwasha swichi, mkondo unachelewa kuanza? La pili, wiki hii tutaongeza kapasita ya mikrofaradi 80 kwa mfuatano katika saketi hiyo hiyo. Ningependa kujua mapema mita itasoma nini, ili nipime nikiwa na kitu cha kulinganisha.

Kaka_Mabibo

Hilo la pili nitalijibu mimi. Kapasita ya mikrofaradi 80 kwa hezi 50 ina ohmu 40 pia. Mkondo wa kapasita hutangulia kwa nyuzi 90, na kutangulia ni j chanya. Kwa hiyo unaongeza j40 juu ya j40 ya koili, impedansi inakuwa 35 + j80, ukubwa wake 87, na mkondo unashuka hadi ampia 0.137. Ni jambo linaloeleweka hata bila hesabu, kwa kuwa ukiongeza kizuizi kwenye mfuatano, mkondo lazima upungue.

Mwl_Kigamboni

Nitaanza na swali la kwanza la mwanafunzi, kwa kuwa ni zuri kuliko linavyoonekana. Pembe ya fezori haisemi lolote kuhusu dakika ya kuwasha. Inaeleza mawimbi mawili ambayo yamekwisha kutulia na yanajirudia: kilele cha mkondo huja baada ya kilele cha volteji kwa sehemu ya mzunguko. Mzunguko mmoja wa hezi 50 huchukua milisekunde 20, na nyuzi 48.8 kati ya 360 ni takriban milisekunde 2.7. Mara tu unapowasha, kuna kipindi kifupi ambacho mkondo haufuati fezori hata kidogo, na kipindi hicho hupimwa kwa L kugawanya kwa ukinzani wote, ambayo hapa ni 0.127 kwa 35, yaani milisekunde 3.6. Baada ya kama mara tano ya muda huo, mabaki yake hayana uzito tena. Kwako wewe jambo lote linakwisha kabla hata mzunguko mmoja haujakamilika, na mita yako haina nafasi ya kuliona. Katika saketi nyingine huenda likachukua muda mrefu, na huko fezori peke yake haitoshi.

Sasa kuhusu kapasita. Kaka_Mabibo amesema kweli kwamba mkondo wa kapasita hutangulia. Lakini impedansi ni volteji kugawanya kwa mkondo, na mkondo uko chini ya mstari wa kugawanya. Mkondo ukiwa mbele kwa nyuzi 90, pembe yake inatolewa, na uwiano unakuwa na pembe ya −90. Ndiyo −j tuliyoipata pale juu. Kwa hiyo impedansi ya saketi ni 35 + j40 − j40, na inabaki 35 tupu. Mkondo unapanda kutoka 0.226 hadi ampia 0.34, ingawa tumeongeza kifaa kwenye mfuatano.

Fundi, ile ampia 0.34 yako ndiyo hii. Ohmu 35 peke yake huonekana pale koili na kapasita zinapofutana, hali inayoitwa rezonansi.

Hatuna haja ya kubishana kuhusu alama, kwa sababu mita itaamua. Kama ni 35 + j80, rezista itasoma volti 4.1. Kama ni 35, itasoma karibu volti 10.3. Tofauti hiyo hata mita ya bei nafuu huiona. Na tazama pia volteji ya kapasita: 0.34 mara 40 ni karibu volti 13.7, zaidi ya chanzo chenyewe. Usishtuke, kwa kuwa volteji ya koili iko upande wa pili kwa kiasi kinachokaribia hicho, na jumla yao ya fezori ni ndogo. Kwa volti 12 hakuna hatari, lakini jambo hili hili likifanywa kwenye volti 230 za ukutani litaiweka kapasita kwenye volti zaidi ya 260, kwa hiyo usijaribu kamwe kulifanya huko.

Nina maonyo mawili ya kifundi. Kapasita iwe ya mota, isiyo na upande wa chanya na hasi. Ukienda Kariakoo ukaomba mikrofaradi 80 bila kufafanua, unaweza kupewa ile ya elektroliti yenye mstari wa hasi ubavuni, na hiyo ikipata mkondo geu hupata joto na inaweza kupasuka. Pili, rezista itapokea 0.34 mara 0.34 mara 30, yaani karibu wati 3.5. Tumia ile nyeupe ya kauri ya wati 10, na usiiguse ikiwa kazini.

Dada_Vekta

Mwalimu, samahani kwa kuingilia kati, lakini nina swali linalokaribiana na hili. Katika zoezi letu chanzo kimoja kimeandikwa kwa sini na kingine kwa kosini. Mimi na mwenzangu tumepata majibu yanayotofautiana kwa nyuzi 90, na kila mmoja anaamini amepatia. Pia kikokotoo changu kimenipa pembe ya 0.852 kwa impedansi ya 35 + j40, wakati wewe umepata 48.8.

Mwl_Kigamboni

Hilo la kikokotoo ni jepesi: 0.852 ni radiani, na ukizigeuza kuwa nyuzi utapata 48.8 ile ile. Hatari iko mbele zaidi, unapoandika jibu kwa wakati, mfano 0.32 cos(314t − 48.8°). Hapo 314t iko kwenye radiani na 48.8 iko kwenye nyuzi, na mtu akiziingiza pamoja bila kugeuza mojawapo, jibu linakuwa halina maana. Ile 0.32 ni kilele cha mkondo, yaani 0.226 mara 1.414, kwa kuwa mita husoma thamani fanisi na si kilele.

Kuhusu sini na kosini, chagueni moja na mgeuze vyote viwe hivyo kabla ya kuandika fezori hata moja. Sini ya kitu ni kosini ya kitu hicho pungufu ya nyuzi 90. Kama chanzo ni kimoja na mmoja wenu ametumia sini mwanzo hadi mwisho na mwingine kosini mwanzo hadi mwisho, mkirudi kwenye wakati mtapata wimbi lile lile. Ila kwa vyanzo viwili vilivyochanganywa, aliyeviweka kwenye mchoro bila kugeuza amesogeza kimoja kwa nyuzi 90, na jumla yake si sahihi.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Kitufe cha tanjenti kinyume hakitofautishi 35 + j40 na −35 − j40. Kwa impedansi ya rezista, koili na kapasita, sehemu halisi haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo ukiiona hasi jua kuna alama imepotea njiani. Kwa volteji na mikondo inawezekana kabisa, na hapo mchore mshale kwenye karatasi kabla ya kuamini pembe.

Fundi_Tandika

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu kapasita na betri, na nashukuru, kwa kuwa sikuwahi kuelezwa hivyo. Naomba niongeze moja. Wateja wangu wengine huendesha feni kwa inveta za bei ndogo umeme unapokatika. Feni inavuma, na kapasita inakuwa ya moto kuliko kawaida. Inveta imeandikwa hezi 50. Je, hesabu ya ohmu 1,273 haifai hapo?

Mwl_Kigamboni

Inafaa kwa sehemu tu, Fundi. Inveta nyingi za aina hiyo hazitoi wimbi laini bali hutoa wimbi la ngazi au la mraba. Wimbi la mraba ni mkusanyiko wa mawimbi laini: lipo la hezi 50, la 150 lenye theluthi ya ukubwa, la 250 lenye moja ya tano, na kuendelea. Fezori moja hubeba frikwensi moja tu. Kwa hezi 150 kapasita yako ina ohmu 424, theluthi ya zile za awali. Volteji theluthi kwa ohmu theluthi hutoa mkondo ule ule wa hezi 50. Kapasita ikiwa peke yake kwenye wimbi la mraba, kila frikwensi huongeza mkondo wake, na joto linaongezeka. Katika feni, koili iliyo pamoja nayo hupunguza hali hiyo, kwa kuwa ωL hukua frikwensi inapokua, lakini haiondoi yote. Kila frikwensi hukokotolewa peke yake kwa impedansi yake, na fezori za frikwensi tofauti hazijumlishwi kamwe.

Mwanagenzi_Ubungo

Wakuu, leo tumepima tukiwa na kapasita ya mota ya mikrofaradi 80. Rezista imesoma volti 10.1, kapasita volti 13.4, na koili volti 13.6. Wenzangu wawili waliokuwa na makadirio ya volti 4.1 walirudia kupima kwa mita nyingine na wakapata hivyo hivyo. Rezista ya kauri ilipata joto ambalo lilihisika hata mkono ukiwa umbali wa vidole viwili.

Kuna jambo moja ambalo halijakaa sawa. Mkondo ni 10.1 kwa 30, yaani ampia 0.337. Volti 12 kwa 0.337 ni ohmu 35.6, kwa hiyo koili inaonekana kuwa na ohmu 5.6. Bila kapasita, nilikokotoa kutoka kwenye volteji tatu nikapata ohmu 4.9. Kwa mita ya ohmu ni 4.2. Ipi ndiyo ya kweli?

Kaka_Mabibo

Kwa matokeo hayo, alama ya kapasita ni hasi, na mjadala huo umekwisha. Lakini kwenye hili jipya nina hakika. Koili ina kiini cha chuma, na chuma kikipata mkondo geu hupoteza nguvu kwa joto. Upotevu huo huonekana kama ukinzani wa ziada ambao betri ya mita haiuoni. Ndiyo maana 4.2 ya betri inakuwa 4.9, na mkondo ukiongezeka inakuwa 5.6.

Mwl_Kigamboni

Maelezo hayo yana msingi, na koili ya kiini cha chuma hufanya hivyo kweli. Ila sidhani kama vipimo hivi vinaweza kuthibitisha. Mwanafunzi, rudia hesabu yako ya volteji tatu, lakini safari hii weka 9.2 badala ya 9.1 kwenye koili. Ukinzani utashuka kutoka 4.9 hadi karibu 4.3. Kosa la sehemu moja ya kumi ya volti limefuta tofauti yote mnayoijadili. Sababu ni kwamba unatafuta kitu kidogo kwa kutoa namba kubwa mbili zilizokaribiana, 144 na 129, na kosa dogo kwenye mojawapo linakuwa kosa kubwa kwenye kilichobaki.

Kipimo cha rezonansi kina nguvu zaidi, lakini kina matundu yake. Hukutuambia transfoma ilisoma volti ngapi mkondo ulipopanda, na transfoma ndogo hushuka ikipewa mzigo. Kapasita nayo ina ukinzani wake mdogo. Na ile rezista ya ohmu 30, je, uliipima, au uliamini maandishi? Kama ina uvumilivu wa asilimia 5, inaweza kuwa na ohmu 28.5 au 31.5, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko yote tunayoyatafuta.

Mwanagenzi_Ubungo

Rezista sikuipima, Mwalimu, na transfoma niliipima kabla ya kuweka kapasita tu. Karakana itafunguliwa tena Jumatatu. Nitapima rezista ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto, nitapima chanzo saketi ikiwa inafanya kazi, kisha nitaomba koili isiyo na kiini cha chuma ili nilinganishe.

Fundi_Tandika

Ukiipata hiyo isiyo na chuma, hakikisha ina milihenri zile zile, la sivyo itabidi ubadilishe na kapasita. Na koili za hewa za milihenri 127 huwa na waya mrefu sana, kwa hiyo ohmu zake kwenye mita zitakuwa nyingi kuliko 4.2. Sijui utazitenganishaje hapo.